Saa Moja ya Sauti Si Saa Moja ya Kazi

Nilipoona tangazo la dola 15 kwa saa, kazi yenyewe ikiwa kusoma sentensi za Kiswahili kwa simu, nilijiambia shida za rent zimeisha. Kiswahili nimezaliwa nacho, simu ninayo, bando ninayo. Nikipiga saa tano nitakuwa na dola 75, si ndiyo? Wacha niwaambie kilichotokea.

Apu ilinipa sentensi 400. Unasoma moja, unabonyeza, unaisikiliza, unatuma. Nilifanya jioni mbili, jumla kama saa tano. Baada ya wiki moja majibu yakaja: sentensi 290 zimekubaliwa, 110 zimekataliwa. Pesa: dola 6.04. Karibu shilingi 780 hivi.

Nilidhani wameniibia. Kisha nikakaa chini na kalkuleta. Sentensi moja ilichukua wastani wa sekunde 5. Mara 290, hizo ni sekunde 1,450, yaani dakika 24 na kidogo. Gawanya kwa 3,600, zidisha kwa 15: dola 6.04. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa. Mimi ndiye nilielewa vibaya neno "saa".

Wanaokusanya sauti huhesabu mali yao kwa saa: mradi fulani una saa 100 za Kiswahili, mwingine una 500. Kwa hivyo wanalipa saa ya sauti iliyopita ukaguzi. Muda wa kusoma kimya, kurudia ulipojikwaa na kungoja mtandao haumo. Saa yangu halisi ilikuwa na thamani ya shilingi 150 na ushee.

Na zile 110? Apu ilikuwa imeandika sababu, ni mimi sikuwa nimefungua. Nyingi zilikatwa mwisho: nilikuwa naachilia kitufe kabla ya silabi ya mwisho kuisha, na "wanafunzi" ikasikika "wanafu". Zingine zilikuwa na kelele. Naishi kando ya steji, na honi ya matatu haiombi ruhusa. Lakini zilizoniuma ni zile nilizokosea kusoma. Penye "2019" nilisema "twenti naintini" kama tunavyoongea huku Nairobi, na maelekezo yalitaka "elfu mbili kumi na tisa". Penye "nilikuwa" nilisema "nlikuwa". Mkaguzi anasikiliza huku akitazama maandishi, na visipolingana anakataa, hata kama kila Mkenya angekuelewa.

Nikabaki na dola 6.04 ambazo siwezi kuzitoa, kwa sababu kiwango cha chini cha kutoa kilikuwa dola 10. Rent ilikuwa imebaki siku nne.

Awamu ya pili nilichukua sentensi 160. Nilituma 20 kwanza, nikangoja majibu ndipo niendelee. Nilirekodi usiku wa manane, kichwa ndani ya blanketi, nikinyamaza kidogo kabla ya neno la kwanza na baada ya la mwisho. Nilichagua pia sentensi ndefu, za sekunde 7 hivi, kwa sababu kubonyeza na kutuma kunachukua muda uleule hata sentensi ikiwa fupi. Zilikubaliwa 150: sekunde 1,050, dola 4.38, kwa saa mbili za kazi. Bado si pesa ya kujivunia, lakini kila saa ilinilipa karibu mara mbili ya kwanza.

Jumla ikafika dola 10.42. Nikazitoa kupitia PayPal hadi M-Pesa, na hapo pia kuna kumegwa, maana PayPal ina bei yake ya kubadilisha dola, chini ya ile unayosikia kwenye habari. Rent ilibidi nimwombe buda. Alinicheka, halafu akatuma.

Sina shida na kazi ya bure ikisema ni bure. Common Voice ya Mozilla haikulipi hata ndururu, inakwambia hivyo mapema, na sauti zake ziko wazi kwa yeyote kuzitumia. Shida yangu ni tangazo linalosema "saa" likijua msomaji ataelewa saa ya kazi. Kuandika "senti mbili kwa sentensi iliyokubaliwa" kungewagharimu nini? Maana dola 15 kwa saa, kwa sentensi ya sekunde 5, ni hizo senti mbili tu.

Kwa hivyo ukiletewa hii kazi, uliza kabla hujarekodi: mnalipa saa gani, nani anakagua na kwa siku ngapi, kiwango cha chini cha kutoa ni ngapi, na sauti yangu mtaitumia wapi. Hilo la mwisho sikuliuliza, na mpaka leo sijui ni nani ananisikiliza nikisema "twenti naintini".