Naomba Uniwekee Tangazo Hili

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kutoa vyeti, kupokea zaka, na kuwajulisha watu habari za Misa na za misiba. Zamani karani alibandika karatasi mlangoni mwa kanisa, yakaisha. Siku hizi simu ya mkononi imekuwa ndio mlango wa kanisa. Ndani ya simu yangu mna namba mia sita na zaidi, na kila nikiweka kitu kwenye stetasi ya WhatsApp, watu mia tatu wamekwisha kukitazama kabla ya jioni. Basi wenye biashara wameliona jambo hilo. Hapiti juma bila mtu kuniandikia, “Karani, naomba uniwekee tangazo hili kwa watu wako.”

Mtu wa kwanza kuniomba nilimkubalia upesi mno. Tulifahamiana kidogo tu, tulikuwa tukisalimiana sokoni. Alikuwa akiuza vifaranga vya siku moja, kila kifaranga shilingi 2,000. Alinitumia picha nzuri ya vifaranga vya manjano ndani ya boksi, nami nikaiweka vile vile ilivyokuja, pamoja na maneno yake: “Vifaranga bora, vyenye afya, wahi sasa.” Kazi yenyewe haikunichukua dakika moja. Nikaona nimemtendea mwenzangu wema usio na gharama.

Gharama ilikuja baada ya siku tisa. Mama mmoja mjane wa kigango cha mbali alifika ofisini na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na vifaranga vitatu vilivyokufa. Alikuwa amenunua 50 kwa shilingi 100,000, fedha alizopata kwa kuuza mahindi, na hata siku ile vilikuwa vimekufa 31. Nikampeleka kwa bwana mifugo. Akavigeuza kifudifudi na chali, akatuonyesha matumbo yaliyovimba na vitovu vibichi, ambavyo havikujifunga. Akasema kifaranga mzima kitovu chake huwa kikavu, kimefungika. Hivi vilikuwa vimepata uchafu tangu mashine ya kutotolea, na joto la taa aliyowawashia yule mama lisingaliweza kuviponya.

Neno lililonichoma si la bwana mifugo, ila la yule mama. Nilipomwuliza kwa nini hakumpigia muuzaji, alinijibu kwa upole kabisa: “Mimi yule simjui, Karani. Mimi nilinunua kwako.”

Naam, hapo ndipo nilipoelewa. Aliyeniomba aliona ninapitisha tu picha yake. Mimi pia niliona hivyo. Lakini yule mama aliona karani wa parokia anasema vifaranga ni vizuri. Na mimi vifaranga vyenyewe sikuwa nimeviona hata kwa mbali! Muuzaji alirudisha nusu ya fedha baada ya kusukumwa sana, na nusu ya pili niliilipa mimi kwa miezi miwili.

Tangu hapo, kabla ya kumjibu mwombaji, hujiuliza swali moja tu: mnunuzi akija ofisini na mfuko wake, nitakuwa na la kumjibu? Kama bidhaa nimeitumia mwenyewe, ninalo. Kama sijaitumia, sina. Halafu kuna jambo la namba zenyewe. Watu hawakunipa namba zao ili niwauzie vitu. Walinipa kwa ajili ya cheti cha mtoto au tangazo la ndoa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, ina shabaha hiyo, kwamba taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa kazi moja isigeuzwe ya kazi nyingine pasipo ridhaa yake.

Kukataa, hata hivyo, sikujua. Nilisoma chuo cha ualimu miaka miwili, nikafundishwa namna ya kumsahihisha mtoto bila kumvunja moyo, lakini namna ya kumwambia mtu mzima “hapana” hatukufundishwa. Mwaka jana mwenzangu tuliyesoma naye chuoni alinitumia tangazo la chai ya majani. Lilisema inaponya kisukari na presha. Nililisoma, nikanyamaza. Ubaya wa WhatsApp ni kwamba mwandishi huona zile tiki mbili za buluu, akajua umesoma. Kesho yake akaniuliza, “Vipi, Mwalimu?” Nikamjibu kwamba simu yangu ina matatizo. Jioni ile ile nikaweka picha za harusi ya binamu yangu. Akaziona zote saba. Wala hakuniandikia neno.

Nilikaa na aibu ile siku mbili, kisha nikamwandikia hivi:

“Ndugu yangu, salamu kwako na kwa shemeji. Tangazo lako nimelisoma lote. Sitaliweka kwenye simu yangu. Namba hizi watu wamenipa kwa kazi ya parokia, na biashara siweki ila ya kitu nilichokitumia mwenyewe. Nilikuambia simu ni mbovu. Haikuwa mbovu, unisamehe. Jumamosi nitakuwa nyumbani tangu saa nane. Ukipita tutakunywa chai, na kuna jambo la tangazo lenyewe ningependa tuzungumze kwa mdomo.”

Barua hiyo fupi niliifuta mara nyingi kabla ya kuituma, na wasomaji wapenzi mtaniwia radhi nikieleza kwa nini. Mara ya kwanza niliandika “kwa sasa sitaweza.” Nikafuta, maana mwenye kuambiwa “kwa sasa” hurudi mwezi ujao, naye ana haki ya kurudi. Mara ya pili nikatoa sababu tano. Nikafuta tena, kwa kuwa mtu ukimpa sababu tano ataziondoa moja moja: ukisema picha ni mbaya, ataleta nzuri, ukisema bei ni kubwa, atapunguza, mwisho utabaki huna sababu, na bado hutaki. Sababu moja ya kweli yatosha, nayo iwe ya kwako wewe, jinsi unavyoiendesha simu yako. Isiwe lawama juu yake.

Habari ya kisukari sikuiandika. Si kwamba niliogopa. Maneno ya kumwambia mtu kwamba anachouza kinaweza kuua hayafai kusomwa peke yake usiku kwenye kioo cha simu. Yanataka kiti na kikombe.

Sasa nije kwenye kukubali, maana sipendi mniwazie kwamba nimekuwa mchoyo. Mwezi wa Novemba dada mmoja fundi cherehani aliniomba nimtangazie sare za shule. Huyu alikuwa amewashonea watoto wangu wawili tangu Januari, nazo sare walikuwa wakizivaa mpaka siku ile. Nilimjibu saa ile ile: “Ndiyo, dada, nitakuwekea mara moja, Jumatatu asubuhi. Nitaandika kwa maneno yangu mwenyewe, nikuonyeshe kwanza.” Kisha nikamwuliza bei, namba ya kupigiwa, na swali ambalo hakulitazamia: utaweza kushona ngapi kabla shule hazijafunguliwa? Akafikiri, akasema jozi 20, zaidi ya hapo atawadanganya watu. Laiti ningalimwuliza yule wa vifaranga ana boksi ngapi na zimetoka wapi!

Tangazo likawa hivi: “Dada huyu aliwashonea wanangu sare mwaka huu. Mshono haujafumuka hata mahali pamoja. Rangi ya sketi imepauka kidogo kwa kufuliwa. Jozi moja shilingi 28,000, kitambaa ni chake. Anapokea jozi 20 tu. Mpigieni mwenyewe, namba hii hapa chini. Mimi silipwi kitu.”

Nilipomwonyesha, aliomba niondoe habari ya rangi kupauka. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba hilo likitoka na jina langu litoke pia. Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema basi atanunua kitambaa cha duka lingine. Kumbe neno lile moja ndilo lililowafanya watu waamini mengine yote. Mama wawili walimwambia hivyo. Alipata jozi 17 kwa siku tatu. Na kwa kuwa tulikwisha kupatana “mara moja, Jumatatu,” hakukuwa na ugomvi alipoomba tena Desemba. Nilimkumbusha, akasema, “Kweli, ulisema.”

Niliiweka kwenye stetasi, si kwenye kundi la jumuiya. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Stetasi huionea yule aliyeifungua mwenyewe, tena baada ya saa 24 hutoweka. Ujumbe wa kundini huingia simu ya kila mtu, apende asipende, nao hubaki. Jumuiya moja jirani waliacha kila mtu atangaze kundini, sabuni, viwanja, mitumba. Siku moja habari ya mazishi ilifunikwa na matangazo hayo, na watu wanne wakafika makaburini udongo umekwisha kurudishwa. Kwa hiyo mtu akiniomba nimwekee kundini, humwambia kundi si langu, amwombe mwenyekiti. Hilo si kumkwepa, ndivyo lilivyo.

Tena sipitishi ujumbe wa mtu jinsi ulivyo. Ukiupitisha, hufika na alama ya kuonyesha kwamba umetoka kwingine, na msomaji hajui kama wewe umeyasoma yaliyomo au kidole kimeteleza tu.

Mwenzangu wa chuo alikuja Jumamosi ile, saa tisa, uso umekunjamana. Tulikunywa chai ya kawaida. Nilimwambia mimi namwogopea mtu mmoja tu, yule mgonjwa wa kisukari atakayesoma tangazo lake akaacha dawa za hospitali. Huyo anaweza kufa kabla chai haijaisha kwenye pakiti. Alibisha. Alisema aliyemwuzia yeye ndiye aliyeandika maneno yale. Nikamwambia nami niliwahi kusema hivyo juu ya vifaranga, nikamsimulia habari ya yule mama na mfuko wake. Hakusema kwamba ataacha. Alitoa simu, akalitazama tangazo lake muda mrefu, akairudisha mfukoni.

Alipokuwa akiaga, amekwisha kushika baiskeli, aliniuliza, “Na maharage yangu je? Ningeleta tangazo la maharage?”

Nikamwambia alete kisado kimoja kwanza, tupike hapa nyumbani, tuone yanaiva kwa muda gani. Alikileta Jumanne.