Baridi ya Nanaa na Tumbo Linalosokota

Hapa Majengo, Moshi, mtu akilalamika tumbo hakosi kuletewa chai ya nanaa. Shangazi yangu ameinywa miaka mingi. Tumbo lake husokota baada ya kula na kujaa gesi. Wiki moja hufunga choo, wiki nyingine huhara. Vipimo havikuonesha kidonda wala uvimbe. Daktari alimweleza kuwa utumbo wenyewe ni mzima, ila misuli yake hukaza kupita kiasi na neva zake huhisi maumivu upesi.

Nikataka kujua nanaa hufanya nini huko ndani. Siri ni mentholi. Ubaridi tunaouhisi mdomoni si baridi ya kweli, na kipimajoto hakiuoni. Neva zetu zina kipokezi kiitwacho TRPM8, ambacho kazi yake ni kutoa habari ya baridi. Mentholi hukifungua, nao ubongo hupokea habari ya baridi isiyokuwapo. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 2002 na makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la David Julius na jingine la Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut. Mwaka 2021 wawili hao walitunukiwa Nobeli.

Ndani ya utumbo kuna jambo la pili, na kwa msokoto ndilo kubwa zaidi. Msuli wa utumbo hukaza kalisiamu inapoingia katika seli zake kupitia vilango vidogo. Mentholi huviziba vilango hivyo, na msuli hulegea.

Lakini nanaa ya bustanini kwetu mara nyingi ni ile ya harufu tamu, ambayo mentholi yake ni haba. Itafune: usipohisi ubaridi mkali, si peremende. Peremende halisi ni chotara wa nanaa hiyo na nanaa ya majini.

Kilichojaribiwa hospitalini ni mafuta ya peremende katika kapsuli, kwa kawaida mililita 0.2, mara 3 kwa siku, nusu saa kabla ya kula. Ganda lake limetengenezwa lipite mfuko wa tumbo bila kuyeyuka. Shangazi alipoandikiwa, ya kwanza aliitafuna, na kifua kikamwaka siku nzima: mentholi ililegeza pia msuli unaozuia asidi isipande kooni. Sasa huimeza nzima, wala haichanganyi na dawa za kiungulia, kwa kuwa hizo huweza kuyeyusha ganda kabla ya wakati. Ramadhani hufungua kwa tende, humeza kapsuli ya jioni, huswali Magharibi, ndipo hukaa kufuturu.

Msokoto umepungua. Choo bado hakijatulia, na kwa hilo peremende haijamsaidia. Daktari alimkataza kuitegemea iwapo ataona damu chooni, atakonda bila sababu, atashikwa na homa, au maumivu yatamwamsha usiku. Hapo arudi hospitali mara moja.