Usiku Ule Mwanangu Alipoacha Kukohoa



Ndugu zangu, wiki hii akina mama watatu wameniandikia wakiomba dua kwa watoto wao wanaokohoa usiku. Dua nimewaombea. Lakini kila mmoja nilimuuliza swali moja: umemfunua nguo ukakitazama kifua chake? Wote wakajibu hapana. Siwalaumu. Hata mimi zamani ningejibu hapana, na kidogo nijute maisha yangu yote.

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili na nusu. Kila akipata mafua, mafua yanaisha, kikohozi kinabaki. Mchana anacheza na wenzake kama hana neno. Ikipita saa sita usiku kinaanza, na ndani yake mna kamlio kama filimbi, hasa anapotoa pumzi. Tulimnywesha dawa za maji za kikohozi chupa baada ya chupa. Bi mkubwa akawa anamsugua kifua kwa mafuta ya habasoda. Mimi nikawa namsomea, kisha narudi kulala.

Alhamisi moja tulikuwa na wageni, na chetezo kikazungushwa udi mpaka chumba cha watoto. Saa nane usiku mtoto akaamka anakohoa mfululizo, akatapika makohozi, kifua kinalia. Mama yake akampakata. Ilipokaribia saa kumi kikohozi kikakoma, na ile filimbi ikakoma. Nikasema, alhamdulillah, amepata nafuu, mlaze. Nikaenda kutawadha.

Mke wangu hakumlaza. Akaniita, "Baba, njoo na tochi." Alikuwa amemfunua fulana. Kila mtoto alipovuta hewa, sehemu ya chini ya mbavu ilibonyea ndani, kishimo cha shingo kikazama, na tundu za pua zikatanuka. Alipopewa maji, aliweka mdomo kwenye kikombe kisha akauondoa. Hakuwa na pumzi ya kumeza. Mtoto hakuwa amepoa, ndugu zangu. Alikuwa amechoka.

Tulikimbia na bajaji. Hospitalini wakambana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kikasoma 88, na ikishuka chini ya 90 ni hatari. Akawekewa oksijeni, akapewa dawa ya mvuke ya kupanua njia za hewa, ikarudiwa, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe. Baada ya muda ile filimbi ikarudi. Nikashtuka nikamwita daktari. Akaniambia, "Sheikh, sauti hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri. Filimbi ni hewa inayopita penye upenyo mwembamba. Upenyo ukikaribia kuziba, hata filimbi hamtaisikia."

Hilo ndilo ninalotaka mlishike leo. Sikio linadanganya. Mtoto aliyekuwa akihangaika kuhema, kisha akanyamaza ghafla huku kifua bado kinabonyea, amezidiwa. Tazama kifua.

Daktari alinieleza kinachotokea. Njia ndogo za hewa zinabanwa na misuli yake, ngozi ya ndani inavimba, na makohozi mazito yanajaa. Dawa ya maji ya kikohozi haifungui hata kimoja katika hivyo vitatu. Usiku mambo huzidi kwa sababu njia hizo kwa maumbile husinyaa kidogo usiku, na mtoto analala uso kwenye mto wenye vumbi. Akaniuliza kama ana vipele vya kuwasha kwenye mikunjo ya viwiko, na kama kuna mwenye pumu katika ukoo. Vipele alikuwa navyo, na mama yangu ana pumu. Hata hivyo hakuharakisha kutamka pumu, kwa sababu watoto wengi wa umri huo kifua hulia wakipata mafua, kisha wakikua huacha. Alitaka aone kama inajirudia, na kama dawa ya kuvuta inamsaidia.

Kabla hatujaruhusiwa alimfundisha mke wangu kuhesabu pumzi, nami nikajifunza hapo hapo. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Funua nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu kila kupanda kwa dakika moja kamili kwa saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto hawahemi kwa mpangilio. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, anahema haraka. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Huyo mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama anacheza, kwani inaweza kuwa pumu na inaweza kuwa nimonia, na nyumbani huwezi kuzitenganisha.

Lakini usingoje kuche, wala usimalize kuhesabu, ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani, au hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amelegea na ni mgumu kuamka, au amepata degedege, au midomo na ulimi vinageuka rangi ya buluu au kijivu. Vilevile mtoto aliyekuwa mzima, akapaliwa na karanga au punje ya mahindi, kisha kifua kikaanza kulia: huyo huenda ana kitu kimekwama njia ya hewa. Ondoka naye saa hiyo hiyo.

Kikohozi cha usiku kisicho na dalili hizo, lakini kinarudi kila baada ya mafua, nacho kinahitaji kliniki ya mchana. Sisi tulipewa dawa mbili za kuvuta. Moja ni ya kufungua, anapewa anapobanwa. Nyingine ni ya kuzuia uvimbe, anapewa kila siku hata akiwa mzima, na akimaliza anasafishwa kinywa na uso. Mtoto mdogo hawezi kuvuta moja kwa moja, kwa hiyo dawa hupulizwa kwenye chombo chenye barakoa inayofunika pua na mdomo: tikisa, bonyeza mara moja, mwache aheme taratibu mara tano au zaidi, ndipo ubonyeze tena. Tuliambiwa kwamba akihitaji ile ya kufungua tena kabla ya masaa 4 kupita, tumrudishe hospitali.

Kisha akaniuliza, "Nyumbani mnachoma udi?" Nikainamisha kichwa. Moshi ni moshi, ndugu zangu, uwe wa udi, wa ubani, wa sigara, wa mkaa au wa dawa ya mbu ya kuchoma. Harufu nzuri haiufanyi kuwa mwepesi kwenye kifua cha mtoto. Kwetu chetezo sasa hakiingii ndani kabisa. Mbu tunawazuia kwa chandarua, na mashuka na foronya tunafua kila wiki kwa maji ya moto.

Kisomo sijakiacha. Ila sasa namsomea nikiwa nimekaa naye, fulana imefunuliwa na saa iko mkononi.

Katika wale akina mama watatu, mmoja alihesabu usiku ule ule. Akapata 52, na mbavu zinabonyea. Asubuhi aliniandikia kutoka wodini kwamba mwanawe amekunywa uji.

Wabillahi tawfiq.