Mwelekezaji, Kocha na Mlezi

Yapo maneno matatu ambayo wakuu wa taasisi zetu huyatumia kana kwamba ni visawe: mafunzo elekezi, ukocha na ulezi wa kitaaluma. Tume ya Huduma za Walimu nchini Kenya imeyafumbata yote matatu katika jina la mpango mmoja. Si kosa kuyafunga pamoja, ila anayelifungua furushi asipoyatenganisha, anayeumia ni mwajiriwa mpya. Haya niliyaona mwaka 2022 nikiwa mkuu wa idara ya Kiswahili katika shule moja ya upili, nilipotakiwa kuandaa mpango wa maendeleo wa mwalimu aliyetoka chuoni karibuni.

Mpango wenyewe ulitosha ukurasa mmoja. Kila safu ya jedwali ilijibu maswali manne: nani ahusike, kwa muda gani, mafanikio yapimwe vipi, na nani aruhusiwe kupata habari zake. Swali la mwisho ndilo lililozua mjadala, kama nitakavyoeleza.

Mafunzo elekezi yalikabidhiwa naibu wa mwalimu mkuu kwa majuma mawili. Hapa hapana ushauri wala mazungumzo marefu. Mgeni anaonyeshwa nyumba. Ratiba inasomwaje? Azimio la kazi linawasilishwa lini? Sajili ya mahudhurio inatunzwa wapi? Mwanafunzi akiugua darasani, anaarifiwa nani? Maswali haya ni yale yale kwa kila mwajiriwa, hivyo orodha moja yenye sahihi mbili inatosha kuwa kipimo. Mwalimu akiwa bado anaulizia sajili katika juma la tatu, mafunzo hayo hayakufanyika, hata kama orodha imetiwa sahihi.

Ukocha niliufanya mwenyewe, nao ulilenga stadi moja tu: usahihishaji wa insha. Kila juma, kwa majuma sita, tulisahihisha insha kumi zile zile, kila mtu peke yake, bila kuandika alama kwenye karatasi za wanafunzi, kisha tukalinganisha. Lengo lilikuwa tusitofautiane kwa zaidi ya alama mbili kati ya ishirini. Juma la kwanza tulipishana katika insha saba. Sikumwambia amekosea wapi, nilimuuliza, "Kabla ya kuhesabu makosa ya tahajia, insha hii ungeiweka katika kiwango gani?" Alinyamaza, akaisoma upya, akasema, "Cha B." Naye alikuwa ameipa alama tisa, ilhali kiwango hicho huanzia kumi na moja. Akang'amua mwenyewe kwamba alikuwa akikata alama kosa baada ya kosa hadi hoja za mwanafunzi zikapotea machoni pake. Juma la sita tulipishana katika insha moja tu, na ukocha ukakoma hapo. Ukocha usio na mwisho ni usimamizi uliovikwa jina jingine.

Ulezi wa kitaaluma ulikuwa wa mwaka mzima, mara moja kwa mwezi. Mlezi alikuwa mwalimu wa Jiografia, mkongwe asiye wa idara yetu wala asiyehusika na tathmini ya mwalimu huyo. Ajenda ilikuwa ya mlelewa. Kilichoandikwa ni tarehe za mikutano tu.

Mwezi wa tatu, mwalimu mkuu alimtaka mlezi aandike ripoti itakayoambatishwa kwenye tathmini. Mzee yule alikataa kwa upole. "Mwalimu," alisema, "katika pwani nilikozaliwa, kungwi hatoki na ya ndani akayasimulia barazani." Nami nikaonyesha safu ya nne ya mpango, iliyokuwa na sahihi ya mwalimu mkuu mwenyewe: mazungumzo ya ulezi ni siri, isipokuwa usalama wa mwanafunzi ukiwa hatarini. Ripoti haikuandikwa.

Mwaka ulipoisha, yule mwalimu mwenyewe alinieleza yaliyokuwa yakizungumzwa. Darasa lake moja lilikuwa limemshinda kwa kelele, na barua ya kujiuzulu alikwisha kuiandika. "Nisingeweza kukwambia wewe," alisema, "maana ndiwe uliyenitathmini." Maneno hayo hayakuniudhi. Yalikuwa ya kweli: kocha aliyekaa kitako na kupima alama za insha hawezi kuwa sikio la mtu anayetaka kuacha kazi, hata awe mwema kiasi gani.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwelekezaji hujibu maswali ya taasisi. Kocha hunoa stadi ambayo wote wawili wanaiona na kuipima. Mlezi husubiri swali ambalo mlelewa bado hajathubutu kuliuliza. Mpango unaompa mtu mmoja kazi zote tatu huweza kuhifadhi orodha, na pengine hata stadi. Swali lile la tatu halitaulizwa kamwe, na barua ya kujiuzulu itakuja kama radi katika anga isiyo na wingu.