Kodi Ilikuwa Imechelewa Kabla Hata Sijafaili

Wasee, nimelipa KRA 31,080 kwa deni la 28,000. Hizo 3,080 za juu hazikuniuma vile nilidhani zingeniuma. Kilichoniuma ni kugundua kwamba siku ile nafaili ritani, nikijipiga kifua kuwa nimewahi, nilikuwa nimechelewa miezi miwili.

Hapa ndipo wengi wetu tunaingia boksi. Kila mtu Kenya anajua Juni 30. Lakini Juni 30 ni siku ya mwisho ya kupeleka ritani, yaani ile fomu. Pesa yenyewe, ile salio la kodi ya mwaka uliopita, mwisho wake ni Aprili 30. Ukiwa umeajiriwa huwezi kujua tofauti, kwa sababu mwajiri anakukata kila mwezi na ukifika Juni hakuna salio. Sisi wa kontenti hatukatwi hivyo. Mwezi wa nne niliuliza jamaa wa saiba karibu na kwetu, akaniambia, "Brathe, tulia, uko na mpaka Juni." Nikatulia kweli.

Sasa nitawaonyesha hesabu yangu ya mwaka wa 2024, nikiwa nimezungusha namba kidogo ili zisomeke. Chukua simu, fungua kikokotoo, twende pamoja.

1. Faida. Mwaka mzima niliingiza 500,000. Nikatoa gharama za kazi, yaani bando, nauli za kwenda kushuti na pesa ya msee anayenihariria video, jumla 80,000. Nikabaki na 420,000.

2. Kodi ya mwaka. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, hiyo ni 28,800. Laki moja inayofuata hutozwa asilimia 25, hiyo ni 25,000. Zilizobaki 32,000 zikatozwa asilimia 30, hiyo ni 9,600. Jumla 63,400. Kila mkazi ana nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka, kwa hivyo nikabaki na 34,600.

3. Kodi iliyokatwa tayari. Kuna brandi ilinilipa 132,000 ikanikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani 6,600. Hiyo tayari iko KRA kwa jina langu. 34,600 toa 6,600 ni 28,000. Hili ndilo deni, na kila kitu kinachofuata kinahesabiwa juu yake.

4. Penalti ya kuchelewa kulipa. Ni asilimia 5 ya kodi ambayo haijalipwa, na inatozwa mara moja tu. Asilimia 5 ya 28,000 ni 1,400.

5. Riba. Ni asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Asilimia 1 ya 28,000 ni 280. Nililipa Oktoba 6, 2025. Kutoka Aprili 30 unahesabu Mei, Juni, Julai, Agosti na Septemba, hiyo ni mitano. Halafu siku sita za Oktoba zinahesabiwa kama mwezi mzima. Miezi sita mara 280 ni 1,680.

6. Jumla. 28,000 + 1,400 + 1,680 = 31,080.

Hebu rudi kwa hatua ya tano kwanza, kwa sababu hapo ndipo hesabu za watu huharibika. Mimi mara ya kwanza niliihesabu nikapata kama 1,809, halafu nikakaa na hasira ya bure. Nilikuwa nimejumlisha zile 1,400 za penalti ndani ya deni, kisha nikatoza riba juu ya kila kitu. Pia nilikuwa nazidisha riba juu ya riba, kama mkopo wa apu. Haiendi hivyo. Riba hii ni riba sahili: inakaa juu ya kodi ambayo hujalipa peke yake. Haigusi penalti na haizai watoto. Kwa hivyo kama deni halijabadilika, kila mwezi lazima uone namba ileile. Kwangu ni 280, 280, 280. Ukiona hesabu yako inapanda kila mwezi, jua umekosea mahali.

Na zile siku sita za Oktoba! Ningelipa Septemba 30 ningelipa riba ya miezi mitano, 1,400. Nilingoja malipo ya kazi fulani yaingie, nikaongeza 280 kwa siku sita. Siyo pesa nyingi, ni bando ya wiki hivi, lakini ni pesa ya kutojua kalenda.

Kosa langu kubwa lilikuwa lingine. Juni 25 nilikuwa na 20,000 mkononi. Nikajiambia, sina yote 28,000, na tayari nimechelewa, wacha nizikusanye zifike nilipe mara moja. Nikanunua lenzi. Sasa angalia vile ingekuwa kama ningelipa hizo 20,000 siku hiyo. Mei na Juni riba ingekuwa kwa 28,000, yaani 280 mara mbili, 560. Kuanzia Julai deni lingekuwa 8,000, kwa hivyo riba ni 80 kwa mwezi. Julai hadi Oktoba ni miezi minne, 320. Jumla ya riba 880 badala ya 1,680. Penalti ingebaki ileile 1,400, kwa sababu hiyo ilikaa pale tarehe ya mwisho ilipopita, na hakuna kulipa nusu kunakoifuta. Malipo yako yanaanza kupunguza kodi yenyewe, na ndiyo maana kulipa kidogo kidogo kunasaidia hapa.

Huhitaji kuomba mtu ruhusa ya kulipa nusu. Kwenye iTax unaingia Payment Registration, unachagua Self Assessment Tax na mwaka husika, unaandika kiasi ulicho nacho, unapata namba ya PRN, unalipa. Angalia mwaka vizuri. Ukichagua mwaka usio wake, pesa inakaa mahali pengine na deni la 2024 linaendelea kuhesabu riba kana kwamba hujalipa kitu.

Kitu kimoja nilifanya sawa, hata kama kwa bahati, ni kufaili kabla ya Juni 30 bila kuwa na pesa. Kuchelewa kufaili kuna penalti yake tofauti: kwa mtu binafsi ni asilimia 5 ya kodi au 2,000, ile iliyo kubwa. Kwangu asilimia 5 ni 1,400, ambayo ni ndogo kuliko 2,000, kwa hivyo ningelipa 2,000. Jumla ingefika 33,080. Wako wasee hawafaili kwa sababu hawana pesa ya kulipa. Hivyo wanajiongezea penalti ya pili, na ile riba haijawangoja.

Hesabu hii inakutosha kama kodi yako ya mwaka haizidi 40,000. Ikizidi hapo unatakiwa kulipa kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe, Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kila tarehe 20. Mwaka huu kontenti imeniendea vizuri kidogo, na nikipiga hesabu naona nitapita hiyo laini. Awamu tatu zimeshapita bila mimi kulipa chochote. Nimeweka lenzi sokoni.