Mapato ya Mtu wa Katikati

Ripoti za kipato nilizokuwa naandika hapa kata ya Dunda, Bagamoyo, zilikuwa na jedwali moja la desturi: wastani wa mapato, na pembeni yake mchepuko sanifu. Ndivyo nilivyofundishwa, na wafadhili hawakuwahi kuuliza. Siku tuliposoma matokeo mbele ya waliohojiwa, mama mmoja mkaangaji wa samaki akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "hayo mapato ni ya nani? Mimi siyapati, jirani yangu hayapati." Nilirudi kwenye madodoso nikitafuta mtu mwenye mapato ya wastani. Hakuwepo.

Nieleze kwa namba za mfano, nilizozitunga ziwe chache ili zihesabike kwa kalamu. Tuseme sokoni pale ufukweni tumewahoji watu tisa: wapaa samaki, wachukuzi, wakaangaji, wavuvi wa mgao, na tajiri mmoja mwenye vyombo. Mapato yao ya siku, kwa shilingi, ni 4,000, 5,000, 6,000, 7,000, 8,000, 9,000, 10,000, 15,000 na 152,000. Jumla ni 216,000. Gawa kwa tisa, unapata wastani wa 24,000. Watu wanane kati ya tisa wako chini ya kiasi hicho, na wa tisa yuko mbali sana juu yake. Hesabu haina kosa hata kidogo, lakini haimwelezi yeyote aliyepo sokoni.

Sasa wapange kuanzia mwenye kipato kidogo hadi mwenye kikubwa, umchukue wa tano. Ana 8,000. Hiyo ndiyo namba ya kati: wanne wako chini yake, wanne juu yake. Tajiri akiongeza chombo kingine na mapato yake yakafika 302,000, wastani unaruka hadi karibu 40,700, ilhali namba ya kati inabaki 8,000 ileile. Mtu akisoma wastani tu, ataandika kwamba maisha ya soko yamepanda, na mpaa samaki hajaongezewa hata shilingi.

Kilichonifungua macho zaidi ni mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Katika mfano wetu ni karibu 48,000, mara mbili ya wastani wenyewe. Msomaji aliyezoea kuona "24,000, kuongeza au kupunguza 48,000" atapunguza na kupata hasi 24,000, kana kwamba kuna mtu anatoka sokoni akidaiwa kwa sababu amefanya kazi. Hii ni dalili ninayoitazama kwanza siku hizi: kipato kisichoweza kushuka chini ya sifuri kikiwa na mchepuko mkubwa kuliko wastani, data zimelalia upande mmoja. Kipimo hiki huzidisha kila tofauti kwa yenyewe kabla ya kuijumlisha, kwa hiyo tofauti ya tajiri mmoja, 128,000, inazimeza za wengine wote.

Mahali pake naweka robo ya chini na robo ya juu. Kwenye kompyuta ni mistari mitatu:

```
=MEDIAN(B2:B10)
=QUARTILE.INC(B2:B10,1)
=QUARTILE.INC(B2:B10,3)
```

Jibu ni 8,000, 6,000 na 10,000. Ripoti inasomeka hivi: "Mtu wa katikati hupata shilingi 8,000 kwa siku, walio katika nusu ya kati hupata baina ya 6,000 na 10,000." Yule mama akisomewa sentensi hiyo, atajiona ndani yake.

Wapo wenzangu wanaomfuta tajiri ili wastani "utulie". Sikubaliani nao. Kwanza ninafungua dodoso lake: huenda karani aliongeza sifuri, au aliandika mauzo ya siku bila kutoa mafuta, barafu na mgao wa mabaharia. Likiwa kosa, nalisahihisha. Likiwa kweli, tajiri anabaki, maana naye ni mtu wa soko, na ninamtaja kwa sentensi yake: kati ya 216,000 za siku hiyo, 152,000 ni za mtu mmoja. Msomaji akijua hilo, hahitaji kuambiwa zaidi juu ya mgawanyo.

Wastani sijautupa. Halmashauri ikitaka kukadiria fedha yote inayozunguka sokoni, wastani ukizidishwa kwa tisa unarudisha 216,000 kamili, wakati namba ya kati ingetoa 72,000, theluthi moja tu ya ukweli. Kwa hiyo kabla ya kuandika ninauliza ripoti inamtafuta nani. Swali likiwa la jumla ya fedha, naandika wastani. Likiwa la maisha ya watu, kama vile nani apewe mkopo au ada ya kikundi iwe kiasi gani, naandika namba ya kati na robo zake. Nawe unayeletewa ripoti ya kipato yenye wastani peke yake, usiisaini kabla hujadai namba ya kati.