Babu ameaga dunia, kicheko kibaki

Mwezi huu kijana mmoja mchekeshaji wa hapa Goma aliniletea maandishi ya kuchekesha kwa Kiingereza, niyaweke katika Kiswahili. Alitaka kuyasema mbele ya watu wa mtaa pamoja na jamaa waliohama vita.

Kichekesho cha kwanza kilinichukua siku mbili. Waingereza mtu akifa husema kwa mzaha kwamba amepiga teke ndoo. Mchekeshaji anasema babu yake amepiga teke ndoo, kisha analalamika: ilikuwa ndoo yetu pekee ya kuchotea maji. Ukitafsiri neno kwa neno, watu watauliza mzee alikuwa na hasira gani na ndoo. Na ukisimama kueleza, kicheko kimekwisha kufa kabla ya babu.

Kwa hiyo niliacha ndoo, nikatafuta kinachochekesha. Ni hiki: msemo wa kifo unachukuliwa kama ulivyo. Sisi nasi tunao wa namna hiyo: kuaga dunia. Nikaandika: “Babu ameaga dunia. Ameaga dunia nzima, mimi peke yangu hakuniaga.”

Kabla ya kumpa kijana, nilimsomea mama mmoja jirani, mhamiaji asiyejua Kiingereza. Alitabasamu, halafu akanyamaza. Akasema, “Mwanangu, sisi wengi tulikimbia usiku. Wazazi wetu walikufa nyuma, hatukuagana.” Mzaha ule ulikuwa unacheka, lakini ulikuwa unamgusa penye kidonda.

Sikutupa msemo, nilihamisha anayechekwa. Sasa tunasema: “Babu ameaga dunia. Ameaga dunia nzima, akaruka mtu mmoja tu: mimi ninayemdai.” Hapa hachekwi aliyefiwa wala marehemu. Anachekwa mjukuu, ambaye msibani anawaza dola zake kumi.

Tazameni pia mahali pa neno la deni. Nilipojaribu “mimi ninayemdai akaniruka, akaaga dunia nzima,” sentensi ilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu siri ilitoka mapema. Na Kiswahili kinatusaidia: katika “ninayemdai,” vipande vidogo vinatangulia, na “dai” yenyewe inakuja mwisho kabisa. Baada yake mchekeshaji anyamaze. Akiongeza hata “jamani,” anakanyaga kicheko.

Nilirudi kwa mama yule na maneno mapya. Safari hii alicheka, akaongeza la kwake: “Huyo mjukuu namjua, ni shemeji yangu!” Hapo nikajua kimeingia katika Kiswahili, maana amekipa mtu wa kwao.

Vichekesho vingine viwili katika karatasi ile vilihusu treni za chini ya ardhi na kodi ya mbwa. Hivyo tumeviacha kwa wenyewe.